UZI: Fomu ya kuripoti unyanyasaji kazini, wanawake wanaandika "ananisumbua" basi, kesi zinakufa. Tuitengeneze vipi?

mamaZaiChikongola:
Habari zenu wakuu. Mimi ni katibu wa kamati ya wafanyakazi kwenye kiwanda cha korosho hapa Mtwara, jina la kiwanda naliacha. Wengi wetu ni wanawake, tunabangua na kumenya, tunalipwa kwa kilo. Msimu uliopita nilipokea malalamiko 7 ya kunyanyaswa kingono na wasimamizi, yote 7 nikayapeleka kwa uongozi na yote 7 yakarudi yameandikwa "maelezo hayajitoshelezi". Mwanzo nilikasirika nikaona wanawalinda watu wao, lakini juzi nimekaa nikayasoma upya nikaona ukweli wa kuniuma, karibu yote yanafanana. Nawawekea moja kama lilivyo:

"Msimamizi ananisumbua sana kila siku ananitaka na nikikataa ananionea kwenye mizani. Naomba msaada."

Huyu dada namjua na najua hasemi uongo, akikaa na wewe akikuhadithia unaweza kulia. Ila kwenye karatasi hakuna kitu cha kushika. Na fomu yetu yenyewe ina jina, idara, tarehe, halafu mistari 5 imeandikwa "maelezo ya tukio", mwisho sahihi. Nataka niibadilishe kabla ya Oktoba watu hawajarudi. Nisaidieni.

Kijana wa Tandahimba:
Dada rahisi tu. Weka tarehe na saa viwe vya lazima, asiyejaza fomu isipokelewe. Bila tarehe hakuna kesi popote duniani, hata mnadani bila stakabadhi huna korosho. Mkishaweka lazima watajifunza wenyewe kukumbuka.

Sele_Mtama:
Mimi nina jambo kama hilo mwenye nyumba wangu ananikatia maji makusudi mwezi wa 3 huu, na mimi nijaze fomu gani na naipeleka wapi?

mamaZaiChikongola:
Pole sana kaka Sele, hii yetu ni ya kazini tu, hilo la nyumba anza na mjumbe wako akuelekeze serikali ya mtaa. Kijana wa Tandahimba, hapo kwenye lazima ndo penye mtihani, kati ya wale 7 ni wawili tu waliweka tarehe na nilipouliza kumbe ni tarehe ya siku waliyokuja kujaza fomu.

BiMkubwa_Mikindani:
Salaam. Nimeandika maelezo ya walalamikaji miaka mingi kwenye dawati la jinsia, sasa nimestaafu. Mwanangu umeshaiona kasoro ya kwanza mwenyewe bila kujua. Fomu yako inasema "tarehe", tarehe ya nini? Mtu ameshika kalamu leo ataandika ya leo. Weka mbili, mbali mbali, moja juu kabisa "leo ni tarehe gani unapojaza", nyingine ndani "jambo hili lilitokea lini". Zote mbili zina kazi, zikipishana wiki 3 msomaji anataka kuona hilo wazi, asije akadhani limefichwa.

Ya pili, hiyo "kila siku". Anayesema kila siku anasema kweli, ila uchunguzi hauwezi kuingia kwenye kila siku. Mtuhumiwa atajibu "si kweli" na mmemaliza. Karatasi moja iwe ya tukio moja. Ukimpa mtu mistari 5 anaona inabidi akusanye miezi 4 humo ndani, ndo anakuja na neno "kila siku" kwa sababu ndilo linalotosha. Mwulize hivi, "katika siku zote hizo, ipi unaikumbuka vizuri kuliko zote? Anza na hiyo." Usimlazimishe aanze na ya kwanza, kichwa cha mtu aliyeogopa hakipangi mambo kwa foleni. Akimaliza hiyo, akitaka anachukua karatasi nyingine kwa siku nyingine, wewe ndo utazipanga baadae.

Na huyo kijana wa lazima, ana haki nusu. Tarehe inahitajika sana. Ila ukimlazimisha mtu asiyeikumbuka, atabuni. Na tarehe ya kubuni ni mbaya kuliko kutokuwa na tarehe.

Kijana wa Tandahimba:
Mbaya kuliko kutokuwepo kabisa? Hapo bi mkubwa sijakuelewa, si bora kitu kuliko bure.

bintiSudi:
Naomba nimjibu mimi kwa sababu yalinikuta na sijawahi kuyaandika mahali. Ilikuwa ofisi moja Mtwara mjini, sitaitaja. Bosi wa kitengo alinibakiza nimalizie kazi, watu wameondoka, akaja akafunga mlango akanishika kiuno nikamsukuma nikatoka. Nilipofika nyumbani akanitumia meseji "usimwambie mtu, tutayamaliza". Nikaenda kuripoti, karani akaniuliza lini, nikasema usiku wa Ijumaa. Karani ni mtu wa bara, akaandika Ijumaa tarehe 1 Novemba 2024. Mimi nikasaini sikusoma, nilikuwa natetemeka.

Wakuu mimi nimezaliwa Sudi, kwetu usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi jua likishazama. Ilikuwa Alhamisi tarehe 31 Oktoba. Yule bosi akaleta risiti ya nyumba ya wageni na shahidi kwamba Ijumaa jioni alikuwa Masasi, na kweli alikuwa Masasi. Nikaonekana mwongo mbele ya watu 6 mezani. Kikao kingine kizima kilipotea, mpaka dada mmoja wa kamati akasema tuione hiyo meseji kwenye simu yenyewe, ikakutwa ni 31/10/2024 saa ya simu 20:14. Ndo wakaanza kunisikiliza upya. Sikubuni chochote lakini tarehe moja iliyokaa vibaya ilitaka kunimaliza. Ningeandika "sina uhakika wa tarehe" asingekuwa na cha kukanusha.

Kijana wa Tandahimba:
Aisee pole sana dada. Sikuwahi kufikiria. Kwetu pia tunasema hivyo hivyo usiku wa Ijumaa.

BiMkubwa_Mikindani:
Pole mwanangu, na ahsante kwa kulisema. Hilo nimekutana nalo mara nyingi huku pwani, na dawa yake ni swali moja tu. Kama tukio lilikuwa giza limeshaingia, fomu iulize, "Kulipokucha asubuhi yake, ilikuwa siku gani?" Mtu wa Sudi na mtu wa Singida wote watajibu sawa. Akisema kulikucha Ijumaa, basi tukio ni Alhamisi usiku, umemaliza bila kubishana na lugha ya mtu.

Saa nayo hivyo hivyo. Ile meseji ya 20:14, sisi tunasema saa 2 na robo hivi usiku. Nimeona faili mtu kasema saa 2 usiku, karani kaandika 2:00 bila neno usiku, anayesoma mbele anadhani ni saa 8 mchana au usiku wa manane, kila mmoja na lake. Kwa hiyo mwache aandike saa ya Kiswahili kama anavyosema, na pembeni kuwe na maneno ya kuzungushia: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Wewe ndo uigeuze kuwa saa ya simu, yeye usimpe kazi hiyo, na saa yake ya mwanzo ibaki ilivyoandikwa usiifute.

Injinia_Lindi:
Naongezea kidogo upande wa kompyuta maana nimeona watu wanakimbilia fomu za mtandaoni. Kuna zinazosoma tarehe kwa mtindo wa Marekani, mwezi unatangulia siku, mtu anaingiza 03/11 akimaanisha tarehe 3 Novemba inasomeka tarehe 11 Machi. Mwezi uandikwe kwa jina. Na kama kuna picha ya meseji ipigwe ikionyesha namba iliyotuma pamoja na tarehe, tena ile meseji yenyewe isifutwe kwenye simu, picha pekee inaweza kubishiwa.

mamaZaiChikongola:
Naandika kila kitu hapa jamani. Swali langu sasa, wasiokumbuka tarehe nifanyeje? Mtu wa kumenya korosho siku zote ni moja kwake, kasoro ya malipo.

BiMkubwa_Mikindani:
Umeshajijibu. Malipo. Usimwulize tarehe kwanza, mwulize kilichokuwa karibu na tukio ambacho kina karatasi yake mahali. Ilikuwa kabla au baada ya kulipwa? Siku hiyo ulipima kilo ngapi? Kulikuwa na mgeni, umeme ulikatika, kuna mtu alifiwa mkaenda mazikoni? Malipo yana kitabu cha kusaini, kilo zina daftari la mizani, msiba una siku yake. Halafu weka viboksi 3 vya uhakika: nina uhakika na tarehe, nakadiria, ni kati ya siku hii na siku hii. Anayesema "kati ya Jumatatu na Jumatano ya wiki ile" amekupa siku 3 za kuchunguza, na hajasema uongo.

mamaZaiChikongola:
Jamani nimerudi. Jana jioni nilimfuata yule dada wa "ananisumbua", amekubali niweke hapa kwa kubadilisha vitu vya kumtambulisha. Nilimwuliza maswali kama bi mkubwa alivyosema, nikawa naandika yeye anaongea. Nimepata hivi:

"Siku ninayoikumbuka ni ile umeme ulikatika tukaambiwa tupime mapema. Kesho yake tulilipwa. Ilikuwa saa 9 alasiri hivi. Nilipeleka beseni langu kwenye mizani, wenzangu walikuwa wameshapima. Aliponiona alinitaka kimapenzi, nikakataa. Alinikasirikia akanipunja kilo. Nilienda nyumbani."

Kitabu cha malipo nimekiangalia, alisaini tarehe 14 Novemba 2024 Alhamisi, kwa hiyo tukio ni Jumatano tarehe 13. Jamani nilifurahi kama nimeokota dhahabu.

Kijana wa Tandahimba:
Hapo imekaa, peleka hiyo.

BiMkubwa_Mikindani:
Hongera umefanya kazi kubwa, lakini bado haijakaa. Angalia sehemu 3.

"Alinitaka kimapenzi." Hiyo ni hukumu yake, kilichotokea hakimo. Alisema nini? Neno kwa neno, hata kama ni tusi, hata kama ni kwa Kimakonde au Kiyao, liandikwe kama lilivyotoka mdomoni kisha chini yake maana yake kwa Kiswahili. Wanawake wetu wanaona aibu kutamka, wanatafuta neno la heshima, "alinitaka", "alinichezea", "alinivunjia heshima", na hilo neno la heshima ndilo linaloua kesi. Fomu iwape ruhusa kwa maandishi: "Andika maneno yenyewe aliyosema. Hata yakiwa machafu, hapa si utovu wa adabu."

"Alinikasirikia." Umejuaje? Alifanya nini ukaona? Alinyamaza, alirusha beseni, alipandisha sauti? Andika kilichoonekana.

"Akanipunja kilo." Kutoka ngapi kwenda ngapi? Mizani ilisomaje na yeye aliandika nini?

Sele_Mtama:
Bi mkubwa na wewe unamhoji kama yeye ndo mkosaji, mtu kaumizwa halafu unamwuliza neno kwa neno.

BiMkubwa_Mikindani:
Mwanangu Sele umesema jambo la maana na silipuuzi. Ni namna ya kuuliza. "Ulimfanyia nini mpaka akasema hivyo", "kwa nini hukupiga kelele", "ulivaa nini", hayo ndo ya kumfanya mkosaji, na yasiwepo popote kwenye fomu. Lakini "alisema nini" ni swali kuhusu mtuhumiwa, halimhusu mlalamikaji. Ukiangalia maswali ya fomu nzuri karibu yote yanaanza na yeye yule: alisema nini, alikuwa amesimama wapi, alikugusa wapi na kwa mkono au kitu gani, alifanya nini ulipokataa.

mamaZaiChikongola:
Nimerudi tena kwake leo asubuhi. Alikaa kimya muda mrefu sana kwenye swali la maneno yenyewe, nikamwambia andika wewe mimi natoka nje nikuache. Aliandika mwenyewe kwa mwandiko wake. Sasa iko hivi:

"Mizani ilisoma kilo 7. Nilikiona kishale mwenyewe. Hakuandika. Alisema, 'Leo ukipita kwangu Shangani nitaandika 7, usipopita naandika 5.' Nikamwambia mimi nina mume. Akacheka, akaandika 5 kwenye daftari mbele yangu, akanirushia beseni likaanguka. Yule mama anayefagia alikuwa mlangoni, sijui kama alisikia, ila beseni lilipoanguka aligeuka. Nililipwa ya kilo 5. Siku 2 zilizofuata baada ya malipo sikuenda kazini."

Wakili_Nangurukuru:
Naingilia hapa. Soma vizuri hayo maneno ya Shangani. Toleo la kwanza lilikuwa "alinitaka", mtu anaweza kusema ni mapenzi ya watu wazima. Sasa kuna mwenye mamlaka ya mizani anayedai ngono ili aandike haki ya mtu. Hiyo ni rushwa ya ngono, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, TAKUKURU wanahusika moja kwa moja. Na kwa upande wa ajira, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 7 inahesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa ubaguzi, na mwajiri analazimika kuuondoa. Sentensi moja ya maneno halisi ndiyo imefungua mlango huo. Kwa hiyo kwenye fomu ongeza swali, "Je, alikuahidi au alikutishia kitu? Kitu gani hasa?"

Injinia_Lindi:
Wakili kwa nini tusiweke viboksi vya kutiki, kugusa, maneno, rushwa ya ngono, kutuma picha, mtu achague tu? Ni rahisi kuhesabu baadae.

Wakili_Nangurukuru:
Viweke ila viwe mwisho, tena vijazwe na kamati. Ukiviweka mwanzo mlalamikaji anaanza kutafuta tukio lake linafanana na kiboksi gani, akitiki "kugusa" kwa sababu ndo kinakaribia, wakati hakuguswa, umeshamtengenezea maelezo mawili yanayogongana.

bintiSudi:
Nilichokipenda ni pale "sijui kama alisikia, ila aligeuka". Fomu yangu iliandika "MASHAHIDI (majina)", nikaacha wazi kwa sababu hakuna aliyeona. Kumbe mlinzi aliniona natoka mbio viatu mkononi. Hakuna aliyeniuliza hivyo.

BiMkubwa_Mikindani:
Ndiyo maana neno shahidi liondoeni. Ulizeni "nani alikuwa karibu, kabla, wakati au baada? Aliona nini au alisikia nini, kama unajua?" na lingine, "ulimwambia nani kwanza, lini?" Dada, mama au shoga aliyeambiwa jioni ile ile anaweza kusema alimkutaje, analia, anatetemeka.

Na zile siku 2 za kutokwenda kazini, ziwe na sehemu yake ya chini, "baada ya hapo kilibadilika nini kwako". Humo aandike hofu, usingizi, kukosa kazi, chochote. Kuna wanaosema hisia zitolewe kabisa, mimi sikubaliani, madhara ni sehemu ya jambo. Ila yakichanganywa na tukio, msomaji mvivu anasema "huyu analalamika tu".

Kijana wa Tandahimba:
Na akikumbuka kitu baadae? Afute arekebishe?

BiMkubwa_Mikindani:
Asifute. Achukue karatasi ya nyongeza, aandike tarehe ya siku hiyo, "nimekumbuka pia kwamba...". Maelezo yaliyofutwa futwa yanatiliwa shaka, ya nyongeza yanaeleweka. Na kabla hajasaini asomewe kwa sauti, yote, taratibu, aulizwe "ndivyo ulivyosema?" Binti yetu wa Sudi angesomewa "Ijumaa tarehe 1" angeshtuka pale pale.

Chuma_Nachingwea:
Nimesoma kimya toka mwanzo. Mnasema mambo mazuri lakini mnasahau mji ni mdogo. Tarehe, saa, kilo 7, mama anayefagia, karatasi ikipita kwa uongozi wanamjua ni nani ndani ya dakika 5, na yule mama wa kufagia anafukuzwa wa kwanza. Mimi nasema fomu iwe bila jina.

Wakili_Nangurukuru:
Jina unaweza kuondoa, undani ukiuondoa unarudi kwenye "ananisumbua". Katikati kuna njia, majina ya mlalamikaji na waliokuwa karibu yakae karatasi ya pembeni yenye namba, ifungiwe na mtu mmoja, kwenye maelezo aandikwe "mtu A". Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inawabana wasizisambaze. Lakini sikudanganyi, mtuhumiwa ana haki ya kujua anajibu nini, akiambiwa Jumatano tarehe 13 saa 9 kwenye mizani, atajua ni nani.

Chuma_Nachingwea:
Basi hilo mnaliacha hivyo hivyo?

BiMkubwa_Mikindani:
Sina jibu zuri mwanangu. Nilichokuwa nafanya, namwambia mlalamikaji ukweli huo kabla hajashika kalamu, nani atasoma na nani atajua. Wapo waliosimama wakaondoka. Fomu iandike hilo juu kabisa kabla ya swali la kwanza.

mamaZaiChikongola:
Nimeongeza hapo juu, "karatasi hii itasomwa na" halafu vyeo. Nitaijaribu Jumamosi na wanawake 3 kabla sijachapa. Imebaki moja inanikosesha raha. Nusu ya wenzangu hawaandiki vizuri, na anayejazia watu fomu zote pale kiwandani ni karani wa mizani, ambaye ni mpwa wa huyo msimamizi. Mimi peke yangu siwezi kuwa kila zamu. Nani aandike?

bintiSudi:
Dada njoo inbox. Mimi sasa hivi nipo Ligula, siko mbali na wewe, na jioni natoka kazini saa 11. Nitaandika.